Mshale Unaporudi Nyuma: Watimita Mbili kwenye Mota ya Fezi Tatu

Chukua mota ya fezi tatu ya kW 15, ya aina inayozungusha mashine za kusaga mahindi katika miji midogo ya Tanzania na Kenya. Ivue mkanda izunguke bila mzigo, kisha ipime inavuta umeme kiasi gani. Mita ya kubana inaonyesha ampea 11 katika kila waya, na volti kati ya waya mmoja na mwingine ni 400. Watimita ya kwanza inasoma wati 2,640. Ya pili inagoma: mshale wake unakwenda kushoto kwa sifuri na kuegemea kizuizi. Fundi anazima umeme, anageuza nyaya mbili za koili ya volti, anawasha tena, na safari hii mshale unapanda vizuri hadi 1,725. Anajumlisha, anapata wati 4,365, anaandika kwenye daftari.

Jibu hilo si sahihi, na ubaya wake ni kwamba halijionyeshi. Wati 4,365 kwa mota ya ukubwa huo si namba ya kumshtua mtu. Hata pawa fakta inayotokana nayo, 0.57, inaaminika kabisa. Mwenye mashine akionyeshwa daftari ataambiwa mota yake inakula zaidi ya kilowati nne bila kusaga hata kikombe cha mahindi, na huenda akaipeleka kusukwa upya bure. Kumbe mota ni nzima. Ile 1,725 ilipaswa kutolewa, si kujumlishwa. Nguvu halisi ni 2,640 kutoa 1,725, yaani wati 915, na pawa fakta ni 0.12, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa mota inayozunguka bure.

Kuna njia ya kulishuku jibu lile la kwanza hata bila kujua nadharia. Mota isiyofanya kazi yoyote haina pa kuupeleka umeme inaoumeza isipokuwa kuugeuza joto. Mota ya kW 15 yenye ufanisi wa asilimia 90 hupoteza takribani wati 1,700 ikiwa imebeba mzigo wake wote, na feni yake imetengenezwa kupoza joto la kiasi hicho. Ingekuwa kweli inapoteza wati 4,365 bila mzigo, baada ya muda usingeweza kuuweka mkono kwenye ganda lake.

Lakini kwa nini mita moja irudi nyuma wakati mota inapokea umeme, hairudishi? Na kwa nini nyaya tatu zipimwe kwa mita mbili tu?

Tuanze na hilo la pili. Watimita ina koili mbili. Koili ya mkondo hupitiwa na mkondo wa waya mmoja, na koili ya volti hufungwa kati ya waya huo na sehemu nyingine tunayoichagua. Mita huzidisha mkondo kwa volti kila nukta ya wakati na kuonyesha wastani wake. Sasa, volti siku zote hupimwa kati ya sehemu mbili. Lazima uchague mahali pa kuhesabia sifuri. Unaweza kuchagua ardhi, nyutro au kitu kingine. Njia ya watimita mbili inachagua waya wa tatu wenyewe. Ukisema waya wa tatu ndio sifuri, basi volti yake ni sifuri, na mkondo wake, hata uwe mkubwa namna gani, ukizidishwa kwa sifuri hauleti kitu. Mita yake haina kazi. Nguvu yote inaonekana katika nyaya mbili zilizobaki, zikipimwa dhidi ya ule wa tatu.

Hesabu hii inasimama kwa sharti moja: mkondo wote unaoingia kwenye mota kwa nyaya hizo tatu utoke kwa nyaya hizohizo. Ni kama ndugu watatu wanaokopeshana wao kwa wao ndani ya nyumba: ukijua wawili wametoa na kupokea ngapi, hesabu ya wa tatu unaijua bila kumuuliza. Mota ya fezi tatu inatimiza sharti hilo, kwa kuwa haifungwi nyutro. Waya wake wa ardhi ni wa usalama, na mota ikiwa nzima haupitishi mkondo wa kuhesabika. Mhandisi Mfaransa André Blondel alilieleza jambo hili kwa ujumla wake mwaka 1893, katika mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago: mzigo ukilishwa kwa nyaya kadhaa, mita zinazohitajika ni idadi ya nyaya kutoa moja. Nyaya tatu, mita mbili. Ukiongeza nyutro inayopitisha mkondo, zinakuwa nyaya nne, na mita mbili hazitoshi tena.

Zingatia kwamba hakuna mahali tulipodai fezi zilingane. Jumla ya mita mbili ni sahihi hata kama fezi moja ina volti 390 na nyingine 410, hata kama mikondo imetofautiana. Hapo ndipo penye thamani ya njia hii, maana laini nyingi za vijijini hazina volti zilizolingana.

Sasa mshale unaorudi nyuma. Katika mota, mkondo huchelewa nyuma ya volti, kwa sababu sehemu yake inatumika kujenga usumaku. Ucheleweshaji huo tunaupima kwa pembe, ambayo huandikwa φ, na kosaini yake ndiyo pawa fakta. Kwenye kibao cha mota utaiona imeandikwa cos φ. Lakini mita zetu hazipimi volti ya fezi kwa nyutro. Zinapima volti ya waya kwa waya, na hiyo imepishana na volti ya fezi kwa nyuzi 30. Kwa mita moja, nyuzi hizo 30 zinapunguza ucheleweshaji. Kwa nyingine zinauongeza. Kwa mzigo uliolingana, usomaji wa mita mbili unakuwa hivi:

W1 = V × I × cos(30° − φ)

W2 = V × I × cos(30° + φ)

Fuatilia kinachotokea pembe ikikua. Mzigo wa joto mtupu, kama jiko la umeme la fezi tatu, hauna ucheleweshaji, na mita mbili zinasoma sawa. Mkondo ukianza kuchelewa zinaachana: W1 inabaki juu, W2 inashuka. Pembe ikifika nyuzi 60, pawa fakta ikiwa 0.5, W2 inasoma sifuri kamili, na nguvu yote ya mota inaonekana kwenye mita moja. Ikipita hapo, W2 inaingia upande wa hasi. Wala si hitilafu ya mita au ya mota. Mshale unaorudi nyuma unasema jambo moja tu, kwamba pawa fakta imeshuka chini ya 0.5, na mota isiyo na mzigo iko huko daima.

Ndiyo maana hiyo alama ya kutoa haina budi kuandikwa. Mita za kidijitali huionyesha zenyewe. Mita ya mshale haiwezi kusoma chini ya sifuri, hivyo mpimaji hugeuza koili ya volti ili asome, na kuanzia hapo alama inaishi kwenye daftari peke yake. Asipoiandika palepale, imepotea.

Ugumu ni kwamba mshale unaweza kurudi nyuma kwa sababu nyingine pia: mtu amefunga koili kinyume. Ndiyo maana mafundi waangalifu huanza kwa kuhakikisha kwamba mita zote mbili zimefungwa kwa namna moja. Kila watimita ina alama, mara nyingi nyota au nukta, kwenye ncha moja ya koili ya mkondo na ncha moja ya koili ya volti. Ncha ya mkondo yenye alama inatazama upande umeme unakotoka, na ncha ya volti yenye alama inakwenda kwenye waya huohuo. Ncha za volti zisizo na alama, za mita zote mbili, zinakutana kwenye waya wa tatu. Mita zikipitia transfoma za mkondo, alama za transfoma nazo zinahesabika: ukigeuza S1 na S2 za mojawapo, umegeuza mita yake. Na nyaya za transfoma hizo zisifunguliwe kamwe wakati umeme unapita, kwa sababu volti hatari huzuka papo hapo kwenye ncha zilizo wazi.

Kama bado una shaka, mota iliyolingana inakupa kipimo cha kuiondoa. Zima umeme. Chukua mita yenye usomaji mdogo, ondoa waya wake wa volti kwenye waya wa tatu, uhamishie kwenye waya wenye mita ya pili. Washa. Mshale ukipanda, usomaji wake wa mwanzo ulikuwa chanya. Ukirudi nyuma, ulikuwa hasi. Sababu ni kwamba kwa kuhama hivyo mita inaingia kwenye pembe ya 30° − φ, ambayo kwa mota haiwezi kuipeleka upande wa hasi; ikienda huko, ni kwa sababu uliigeuza. Ipo pia njia ya kutazama tu, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu haigusi waya wowote: acha mota ianze bila mzigo, kisha ongeza mzigo polepole. Usomaji mdogo uliokuwa hasi utasogea kuelekea sifuri, ufike, kisha uvuke kwenda upande wa pili. Uliokuwa chanya tangu mwanzo utapanda tu.

Turudishe mkanda na kumimina mahindi. Mota ileile sasa inasaga, na mzigo umetulia. Volti ni 400, kila waya una ampea 22, na mita zote mbili zinasoma mbele bila kugeuzwa: W1 ni wati 8,740, na W2 ni wati 3,460. Jumla ni wati 12,200. Hiyo ndiyo nguvu inayoingia kwenye mota, yaani kilowati 12.2, na kwa saa moja ya kusaga mfululizo mita ya bili itasogea uniti 12.2.

Pawa fakta inatoka kwenye tofauti ya mita. Tofauti ni wati 5,280. Kanuni ni hii:

tan φ = √3 × (W1 − W2) ÷ (W1 + W2)

Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.732. Ukizidisha kwa 5,280 na kugawa kwa 12,200 unapata 0.75. Pembe yenye tanjenti hiyo ni karibu nyuzi 37, na kosaini yake ni 0.80.

Usiishie hapo, kwa sababu ipo njia ya pili ya kufika kulekule, na ndiyo inayokulinda. Zidisha 1.732 kwa volti 400 kwa ampea 22: unapata VA 15,240. Gawa wati 12,200 kwa hizo: 0.80. Njia mbili zimekubaliana. Zingekataana, ungejua kuna kitu: ama alama ya kutoa imesahauliwa, ama fezi hazilingani, ama umbo la mkondo si lile la kawaida. Rudi kwenye daftari la mwanzo uone lilivyojisaliti. Wati 4,365 kwa VA 7,621 ilitoa 0.57. Lakini kwa kanuni ya tanjenti, kwa mita zilezile zikichukuliwa kuwa chanya, tofauti ni 915, tanjenti ni 0.36, na pawa fakta inatoka 0.94. Mota moja haiwezi kuwa na 0.57 na 0.94 kwa wakati mmoja. Dakika mbili za hesabu zingetosha kumrudisha fundi kwenye nyaya zake kabla hajafunga mfuko wa vifaa.

Tofauti ya mita mbili inatoa kitu kingine chenye faida. Ukiizidisha kwa 1.732 unapata moja kwa moja nguvu ya usumaku, ile inayozunguka kati ya mota na laini bila kufanya kazi, inayohesabiwa kwa var. Wakati wa kusaga ni 1.732 mara 5,280, sawa na var 9,145. Tuseme mwenye mashine anataka kufunga kapasita ili pawa fakta ifike 0.95. Kwa wati 12,200, pawa fakta hiyo inaruhusu var 4,010 tu. Kapasita ibebe zilizobaki, karibu var 5,100, na kwa saizi za dukani atachukua ya kVAr 5. Mkondo wa laini utashuka kutoka ampea 22 hadi karibu 18.6. Mota yenyewe itaendelea kuvuta 22 zake. Kinachopungua ni mzigo wa waya unaotoka kwenye laini hadi pale kapasita ilipofungwa.

Na hapa kipimo cha mota tupu, kile kilichoanza kwa kuvurugwa, kinahitajika tena. Kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota haipaswi kuwa kubwa kuliko usumaku ambao mota inauhitaji bila mzigo. Ikizidi, umeme ukikatwa ghafla mota inayoendelea kuzunguka inaweza kujisumakisha yenyewe na kuzalisha volti ya juu ya kuunguza koili. Kwa kawaida huachwa nafasi, kapasita isipite asilimia 90 ya kiwango hicho. Tofauti ya mita, alama ikiheshimiwa, ni 2,640 kutoa hasi 1,725, yaani 4,365. Ukizidisha kwa 1.732 unapata var 7,560, na asilimia 90 yake ni 6,800. Kapasita ya kVAr 5 iko salama. Ile namba 4,365 haikuwa takataka. Ni tofauti ya mita iliyochukuliwa kuwa jumla.

Vipimo hivi vina adabu zake za kazini. Mota inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida kwa sekunde chache, na koili ya mkondo ya ampea 5 haivumilii hilo. Kwa hiyo koili hufungwa njia ya mkato wakati wa kuwasha, na njia hiyo hufunguliwa mota ikishatulia. Tena usiuamini mshale wa wati kukuambia kwamba koili haijazidiwa: kwa pawa fakta ya 0.5, koili inaweza kuwa inabeba ampea zake zote huku mshale wa W2 ukiwa karibu na sifuri. Weka mita ya ampea pembeni. Na mota ikiwa na stata ya sta-delta, mita zinafungwa kabla ya stata, kwenye nyaya tatu zinazoingia. Baada ya stata nyaya ni sita, na sharti letu la nyaya tatu limevunjika.

Mpaka wa kweli wa njia hii uko kwenye pawa fakta. Jumla ni sahihi kwa mzigo wowote wa nyaya tatu, lakini kanuni ya tanjenti inadhani fezi zimelingana na mawimbi ni laini. Fezi zikiwa tofauti kidogo, sema ampea 20, 22 na 24, mita mbili zitatofautiana si kwa sababu ya ucheleweshaji pekee, na pembe utakayopata itakuwa ya kubuni. Hapo tumia jumla, uigawe kwa VA zilizohesabiwa kwa wastani wa volti na ampea, na uieleze kuwa wastani.

Mashine zinazoendeshwa kwa draivu ya kubadili kasi zinaleta jambo gumu zaidi. Upande wa kutoka kwa draivu, volti imekatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na sehemu ya mkondo huvuja kupitia ganda la waya na koili kwenda ardhini. Watimita ya mshale haifai kabisa huko. Upande wa kuingia, mkondo huja kwa vishindo badala ya wimbi. Watimita zitatoa jumla nzuri. Kanuni ya tanjenti itatoa pawa fakta nzuri pia, pengine 0.97, huku wati zikigawanywa kwa VA zikitoa 0.70. Safari hii hakuna alama iliyosahauliwa. Tanjenti inaona ucheleweshaji tu, nao ni mdogo. Kilichobaki kinatokana na mkondo ulioharibika umbo, na hicho hakiponywi kwa kapasita ya kawaida. Ukiifunga, itavuta mikondo ile ya masafa ya juu hadi ichemke na kuvimba, na pawa fakta itabaki karibu pale ilipokuwa.